Bonde la Bode: P, I na D zinatawala wapi

Chukua tanuri la umeme linalotakiwa kubaki kwenye joto la nyuzi 200. Kidhibiti kinasoma kipimajoto, kinatoa joto lililopo kutoka kwenye lile linalotakiwa, kisha kinaamua hita ifanye kazi kwa asilimia ngapi. Ikiwa ni kidhibiti cha PID, uamuzi huo ni jumla ya mambo matatu. P huangalia ukubwa wa kosa la sasa. I hukusanya makosa yote tangu mwanzo. D huangalia kosa linabadilika kwa kasi gani.

Maelezo hayo ni sahihi, lakini hayamsaidii sana fundi anayeona joto likipanda na kushuka bila kutulia. Anahitaji kujua ni ipi kati ya hizo tatu yenye lawama, na jibu linategemea kosa linayumba haraka au polepole. Kwa swali hilo hakuna picha iliyo bora kuliko grafu ya Bode. Hendrik Bode alikuwa mhandisi wa Bell huko Marekani, na katika miaka ya 1930 alishughulikia vikuza sauti vya njia za simu. Alichora tabia ya mtambo mzima kwa mistari miwili inayosomeka kwa macho tu.

Wazo lenyewe ni hili. Kiingizie kidhibiti kosa linalopanda na kushuka kama wimbi, kisha tazama kinachotoka. Kitatoka wimbi la mwendo uleule, ila litakuwa limekuzwa au kupunguzwa, na vilele vyake vitakuwa vimetangulia au vimechelewa. Mstari wa kwanza wa grafu huonyesha ukuzaji kwa desibeli, ambapo kila desibeli 20 ni mara kumi. Mstari wa pili huonyesha awamu, yaani kutangulia au kuchelewa, kwa digrii. Yote miwili huchorwa dhidi ya masafa, kutoka mawimbi ya polepole kushoto hadi ya haraka kulia, na kila hatua ya kwenda kulia huzidisha masafa mara kumi.

Tuwape P, I na D wa tanuri letu namba: Kp ni 10, Ki ni 0.1, Kd ni 100. Kp ya 10 maana yake ni kwamba kosa la uzi mmoja linaongeza nguvu ya hita kwa asilimia 10. Kwa masafa yoyote ω, yanayopimwa kwa radiani kwa sekunde, kidhibiti ni

```
C(jω) = Kp + j(Kd·ω − Ki/ω)
```

Tazama kilichomo kwenye mabano. Sehemu ya I imegawanywa kwa masafa, kwa hiyo inakuwa kubwa wimbi linapokuwa la polepole. Sehemu ya D imezidishwa kwa masafa, kwa hiyo inakuwa kubwa wimbi linapokuwa la haraka. P haina habari na masafa. Ndiyo maana mstari wa ukuzaji una umbo la bonde: unateremka kutoka kushoto, unakuwa karibu tambarare katikati, kisha unapanda kulia. Kwa namba zetu kona ya kushoto iko kwenye 0.01 na ya kulia kwenye 0.1. Chini kabisa ya bonde, karibu na 0.032, I na D zinafutana kabisa, ukuzaji unabaki 10 wa P peke yake, na awamu ni sifuri.

Tuanzie kushoto. Kwenye 0.001, wimbi moja huchukua takriban saa moja na dakika 45, na ukuzaji ni karibu 100, yaani desibeli 40. Kila ukirudi nyuma hatua moja zaidi, unaongezeka mara kumi, na kwa kosa lisilobadilika kabisa hauna mwisho. Hapo ndipo kazi ya I inapoonekana. Tuseme tanuri linahitaji asilimia 40 ya nguvu ya hita ili libaki kwenye nyuzi 200. Kwa P peke yake, asilimia 40 hupatikana tu pakiwa na kosa la nyuzi 4, hivyo tanuri litatulia karibu na nyuzi 196 na kubaki hapo. I ikiwepo, kosa hilo dogo linaendelea kukusanywa mpaka liishe. Gharama yake imeandikwa kwenye mstari wa awamu: upande wa kushoto kabisa, kidhibiti huchelewa kwa karibu digrii 90.

Kulia mambo hugeuka. D hutanguliza awamu, na kwenye 0.1 kidhibiti tayari kimetangulia digrii 42. Tanuri huitikia hita kwa kuchelewa, kwa hiyo utangulizi huo ni dawa halisi inayozuia joto lisipitilize. Shida ni kwamba bonde linaendelea kupanda. Kwenye masafa ya 10, wimbi la sekunde 0.63, ukuzaji umefika 1000. Tanuri haliwezi kuyumba haraka hivyo, kwa hiyo karibu kila kinachosomwa hapo ni kelele za umeme kwenye waya wa kipimajoto. Kelele ya nyuzi 0.05 tu hugeuka kuwa amri ya asilimia 50 juu na 50 chini, na hita inarushwa kati ya sifuri na 90.

Kwa sababu hiyo sehemu ya D haiachwi ipande hovyo. Huwekewa kichujio, ambacho kwa mfano wetu kinaweza kuanza kushika kwenye masafa ya 1. Mstari unalala, ukuzaji hauzidi 110, na kelele ileile sasa inatikisa hita kwa asilimia 5.5. Kwenye 0.1 utangulizi unapungua kutoka digrii 42 hadi 39. Naona ni bei ndogo mno kwa faida kubwa hivyo.

Sasa turudi kwa fundi wetu. Anaona tanuri linachelewa kufika nyuzi 200, anaongeza Ki kutoka 0.1 hadi 0.4. Tazama masafa ya 0.05, wimbi la kama dakika mbili, na tuseme hapo ndipo ukuzaji wa kidhibiti na tanuri kwa pamoja unaposhuka hadi moja, mahali ambapo utulivu wa mtambo huamuliwa. Kabla ya badiliko, kidhibiti kilikuwa kimetangulia digrii 17. Baada yake kimechelewa digrii 17. Ukuzaji haujabadilika hata kidogo, ni 10.4 kabla na baada. Zimepotea digrii 33 za awamu. Kama mtambo ulikuwa na akiba ya digrii 40 kabla ya kuanza kuyumba, zimebaki 7, na kila badiliko dogo litazua mawimbi ya joto ya takriban dakika mbili yanayochukua muda mrefu kufa.

Kutofautisha maradhi haya mawili ni rahisi ukichora joto na amri ya hita pamoja. Joto likiyumba polepole na kwa ulaini, huku hita ikilifuata kwa kuchelewa, mshuku I. Joto likitulia lakini amri ya hita inatetemeka, mshuku D na kichujio chake. Kosa la kudumu lisiloisha, bila kuyumba kokote, linaonyesha I haipo au ni ndogo mno.

Kuna jambo moja ambalo grafu hii haliioni. Inachukulia kwamba hita inatii kila amri, ilhali hita haivuki asilimia 100. Tanuri baridi likiwashwa, hita hugonga kikomo na kukaa hapo kwa muda, huku I ikiendelea kukusanya kosa ambalo haliwezi kulipunguza haraka zaidi. Joto likifika 200, mkusanyo huo bado unadai nguvu, na tanuri linapitiliza sana kabla ya kurudi. Dawa yake haimo katika Kp, Ki wala Kd: kidhibiti huamriwa kusimamisha mkusanyo wa I wakati wote hita ikiwa kwenye kikomo.