Ulizo Moja Lina Thamani ya Shilingi Ngapi?

Anayeuza viatu mtandaoni hasumbuliwi na hesabu hii. Mteja akilipa shilingi 45,000, mtambo wa matangazo hupokea taarifa hiyo papo hapo, ukajua tangazo lipi liongezewe fedha na lipi lipunguziwe. Kampuni ya kuchimba visima haina bahati hiyo. Mtu ana shamba nje kidogo ya Dodoma, anaona tangazo, anagusa kitufe cha WhatsApp, anauliza mita moja ni bei gani, kisha anapotea. Wiki kadhaa baadaye anafika ofisini na fedha mkononi, wala hakuna anayemuuliza alitufahamu vipi. Kwenye ripoti mtu huyo amehesabiwa kuwa 1. Kijana aliyeandika kuulizia kazi ya udereva naye ni 1.

Hasara yake haiishii kwenye ripoti. Matangazo ya Google hupatikana kwa mnada: kila mtu anapotafuta huduma, mtambo huweka zabuni kwa niaba yako kulingana na kile unachotarajia kupata kwake. Ukiuambia kwamba maulizo yote ni sawa, utakimbilia yanayopatikana kwa bei nafuu, na mara nyingi hayo ndiyo ya watu wasio na haraka ya kununua. Simu zitalia kutwa na mtambo wa kuchimbia utabaki umeegeshwa uani.

Dawa ni kulipa kila ulizo bei yake, hata kama ni ya kukadiria. Wengi huanzia chini: mwenye kampuni anaulizwa wangapi kati ya kumi wanaouliza huishia kununua, naye anajibu, “Mmoja hivi.” Jibu hilo halina ubaya, ila halijapimwa na chochote. Mimi napendelea kuanzia juu, kwa kitu ambacho hata kampuni isiyotunza daftari inakijua: visima vilivyochimbwa.

Tuchukue kampuni ya kubuni yenye mtambo mmoja, inayochimba visima vitatu kwa mwezi. Mwenyewe anaamini viwili hutokana na mtandao, na kimoja ni cha watu walioelekezwa na majirani. Kila kisima, baada ya kutoa mafuta, mabomba na posho za mafundi, kinabakiza shilingi milioni 3. Basi maulizo yote ya mtandaoni kwa mwezi yana thamani ya milioni 6, hayawezi kuzidi hapo. Ukomo huu una kazi yake. Kampuni hiyo hupata maulizo 160 kwa mwezi, na kama kweli mmoja kati ya kumi angenunua, vingechimbwa visima 16. Mtambo mmoja hauna ubavu huo.

Kinachobaki ni kugawa milioni 6 hizo. Katika maulizo 160, 20 ni ya waliogusa namba ya simu, 30 ni fomu zilizojazwa na 110 ni migusu ya WhatsApp. Hapa usimuulize bosi asilimia. Watu hukosea sana asilimia. Muulize alinganishe: “Ukipewa simu moja, utakubali kuibadilisha kwa meseji ngapi za WhatsApp?” Anasema tano. Na fomu yenye jina la kijiji na ukubwa wa shamba? Meseji tatu. Basi WhatsApp inabeba uzito wa 1, fomu 3, simu 5. Zidisha: 110, 90 na 100, jumla 300. Milioni 6 ukigawa kwa 300 unapata shilingi 20,000 kwa kila uzito mmoja. Kwa hiyo WhatsApp ni 20,000, fomu 60,000, simu 100,000.

Angalia kwamba tumegawa kwa idadi ya migusu ambayo mtandao umeirekodi, si kwa idadi ya watu ambao katibu muhtasi amezungumza nao. Hilo ni la makusudi. Wapo wanaogusa namba kisha wakakata kabla haijaita, na mtambo wa matangazo hauwajui kwa sura. Bei ya mguso lazima iwe imeshawabeba na hao.

Sasa tazama ripoti inavyogeuka. Tangazo la kwanza limetumia shilingi 300,000 na kuleta migusu 30 ya WhatsApp. La pili limetumia kiasi hicho hicho na kuleta simu 8 na fomu 2. Kwa kuhesabu vichwa, la kwanza limeshinda 30 kwa 10. Kwa thamani, la kwanza limeleta 600,000 na la pili 920,000. Aliyekuwa karibu kufuta tangazo la pili afikirie upya.

Kuiweka thamani hiyo hakuhitaji fundi mkubwa. Kwa fomu, ukurasa wa “ahsante” hubeba mistari hii:

```
gtag('event', 'generate_lead', {
  value: 60000,
  currency: 'TZS'
});
```

Makosa mawili hujirudia hapa. La kwanza ni kuandika 60,000 kwa mkato, wakati mtambo unataka tarakimu tupu. La pili ni kusahau sarafu, na thamani isiyo na sarafu haihesabiki sawasawa. Kisha kwenye Google Ads, chagua hesabu ya `One` badala ya `Every`, la sivyo mtu mmoja aliyegusa kitufe cha WhatsApp mara tatu atakuwa “ameleta” 60,000.

Makadirio ya bosi ni ya kuanzia tu. Biashara ya visima ina hatua nzuri ya katikati: kabla ya kuchimba, mteja hulipia upimaji wa maji ardhini. Malipo hayo huja mapema kuliko ya kuchimba, na mtu asiye na nia hayatoi. Basi daftari dogo linatosha: tarehe, mteja alianzia wapi, amelipia upimaji au hajalipa. Tuseme baada ya miezi mitatu linaonyesha upimaji 15 kutokana na simu 60, 9 kutokana na fomu 90, na 17 kutokana na migusu 330 ya WhatsApp. Hiyo ni asilimia 25, 10 na karibu 5. Bosi alipatia kuhusu simu, lakini fomu ina uzito wa 2, si 3. Ukigawa upya milioni 6, WhatsApp inakuwa karibu 22,000, fomu 44,000 na simu 110,000. Usifanye marekebisho haya kila mwezi: kwa fomu 30, mteja mmoja tu akighairi, asilimia 10 inashuka hadi karibu 7, nawe utakuwa unafukuza bahati.

Kwenye ripoti ya bosi, safu ya `Conv. value` ipewe jina la “faida inayokadiriwa”. Akiiona imeandikwa mapato, ataitafuta benki na hataikuta, na kuanzia siku hiyo hataiamini namba yoyote utakayompelekea.

La mwisho huwaumiza hata wazoefu. Unapotumia `Target ROAS`, unauambia mtambo ni thamani kiasi gani irudi kwa kila shilingi. Kwa kuwa hesabu yetu ni ya faida kabla ya kutoa gharama ya tangazo, asilimia 100 maana yake hukupata wala hukupoteza, hivyo lengo liwe juu ya hapo, tuseme 200. Ukija kugundua kwamba kisima kinabakiza milioni 6 badala ya 3, thamani zote zitakuwa maradufu, na mtambo utaanza kuweka zabuni kubwa kwa kuwa unaona faida imeongezeka. Ikiwa faida imeongezeka kweli na una mtambo wa pili wa kuchimbia, uache uendelee. Ikiwa umesahihisha hesabu tu na hutaki matumizi yabadilike, siku hiyo hiyo pandisha lengo hadi 400.