Mafuta Yakiisha Rafuni: Nani Aamue Mbadala, Nani Alipe Tofauti

Oda ya mtandaoni ikiingia kwenye supamaketi ya Nairobi, hakuna mashine inayokwenda kuichukua. Anakwenda mtu. Anashika simu yenye orodha, anasukuma troli kati ya rafu, anachukua bidhaa moja moja na kuiskani ili mfumo uthibitishe kwamba ndiyo yenyewe. Kazi inakwenda vizuri mpaka anapofika mahali ambapo simu inasema mafuta ya alizeti ya lita 3 yapo madumu manne, na rafu haina hata moja.

Simu haidanganyi kwa makusudi. Hesabu ya duka kwa kawaida hupungua bidhaa inapopita kwa keshia, si inapoondolewa rafuni. Kwa hiyo madumu mawili huenda yamo kwenye troli za wateja wanaozunguka humohumo dukani, moja limepasuka na halijaandikwa, na la nne mtu amebadili mawazo akaliacha kwenye rafu ya sabuni. Mkusanya oda mzoefu huangalia mahali palipopangwa, kisha kwenye rafu za ofa, kisha anauliza stoo. Asipopata, anabonyeza kwamba bidhaa haipo, na hapo hesabu inapaswa kushuka hadi sifuri papo hapo. Isiposhuka, duka litaendelea kuwauzia wateja wengine mafuta ambayo halina.

Swali gumu linaanza hapo: aweke nini badala yake? Maduka mengi hukosea kwa kuchukulia mbadala kama sehemu ya oda ile ile. Mteja alikubali kununua bidhaa fulani kwa bei fulani. Bidhaa nyingine, hata ikifanana nayo kwa kila hali, ni pendekezo jipya, na pendekezo linahitaji jibu. Nchini Kenya, Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya mwaka 2012 inamlinda mtu asidaiwe malipo ya bidhaa ambayo hakuiomba. Duka lililoweka mbadala bila idhini limejiweka pabaya kabla hata pikipiki haijawashwa.

Idhini bora huchukuliwa mapema, mteja anapolipia, na kwa kila bidhaa peke yake: badilisha kwa inayofanana, niulize kwanza, au usibadilishe kabisa. Jibu moja la jumla kwa oda nzima halitoshi, kwa sababu mtu yule yule asiyejali sukari imefungwa na kampuni gani anaweza asikubali majani mengine ya chai. Kwenye sukari kinachoangaliwa ni uzito. Kwenye chai ni ladha aliyoizoea. Kwenye mafuta ya kupikia ni aina kwanza, kisha ujazo, na jina la kampuni mwishoni: aliyeomba alizeti asiletewe ya mawese eti kwa kuwa dumu linalingana.

Zipo bidhaa ambazo mkusanya oda hapaswi kubadilisha kwa akili yake hata kama mteja ameruhusu mbadala. Maziwa ya unga ya mtoto mchanga ni mfano ulio wazi. Namba iliyo kwenye kopo inaonyesha umri, na maziwa ya hatua ya 2 hayawekwi badala ya hatua ya 1, ambayo ni ya miezi sita ya mwanzo. Vilevile chochote chenye karanga kwa nyumba iliyoomba kisicho na karanga, au nyama isiyo na alama ya halali kwa aliyeagiza yenye alama hiyo. Hapa mfumo uzuie kabisa, usimwachie kijana mwenye haraka.

Kwa yale ya kuuliza, wakati ndio kila kitu. Ujumbe utumwe bidhaa inapokosekana, si troli ikishafika mezani kufungwa. Mkusanya oda anaendelea na vitu vingine, akiacha vya baridi mwisho, na anarudi kwenye swali kabla ya kufunga mifuko. Ujumbe wenyewe uwe mfupi na wenye bei: “Habari, mama. Alizeti ya lita 3 uliyoagiza (shilingi 950) imekwisha. Tunayo ya kampuni nyingine, lita 3, kwa 880. Au ile ile uliyoagiza ya lita 2, kwa 633. Au tukurudishie pesa zako?” Mteja asipojibu katika muda uliotajwa, duka linafuata alichochagua mwanzo. Kama alisema aulizwe na hakujibu, bidhaa inatolewa kwenye oda. Ukimya usihesabiwe kuwa ni ndiyo.

Sasa tuzitazame hizo bei, nilizozitunga kwa mfano tu. Kanuni ya haki ni kwamba mteja asilipe zaidi kwa sababu duka ndilo lililoishiwa. Akichukua dumu la 880, analipa 880 na kurudishiwa 70. Kama mbadala uliopo ni dumu la lita 2 na chupa ya lita 1, ambazo rafuni jumla yake ni 980, anatozwa 950 ile ile na duka linabeba 30.

Dumu dogo ndilo huwachanganya wengi. Rafuni lita 2 zinauzwa 640. Mfumo uliofundishwa tu kwamba mbadala usizidi bei ya awali utaona 640 iko chini ya 950 na kuridhika. Lakini mteja alikuwa ananunua kila lita kwa takriban shilingi 317, na 640 ni shilingi 320 kwa lita. Gawanya 950 kwa 3, zidisha kwa 2, unapata 633. Hiyo ndiyo bei yake, na rejesho ni 317. Ipo pia mifumo mibovu zaidi, inayobadilisha jina la bidhaa kwenye risiti na kuiacha bei ya zamani, hivyo mtu analipa 950 kwa lita 2. Dawa yake ni risiti kuonyesha mistari yote miwili: kilichoagizwa na bei yake, kilicholetwa na bei yake.

Namna ya kulipa hubadilisha kazi ya kurekebisha. Kwa kadi, duka linaweza kuiomba benki izuie kiasi tu, kisha likachukua jumla halisi baada ya kukusanya, na kinachobaki kikaachiliwa. Kwa M-Pesa pesa imekwisha kuhama mteja alipoweka namba yake ya siri. Tofauti ya kushuka lazima irudishwe kwa muamala mpya, na ya kupanda haiwezi kuchukuliwa mpaka mteja aweke namba ya siri tena. Maduka mengine hugeuza rejesho kuwa salio la kununulia humohumo. Hilo ni sawa mteja akilichagua mwenyewe. Vinginevyo shilingi 317 zirudi kwenye simu zilikotoka.

Mlangoni bado ana haki ya kukataa mbadala. Mwendesha pikipiki awe na uwezo wa kuipokea bidhaa, kuiskani kama iliyokataliwa, na rejesho lianze hapohapo. Skani hiyo ina faida nyingine. Meneja anayepima wakusanya oda kwa idadi ya vitu vilivyojazwa tu anawafundisha kutupia chochote kwenye troli. Akihesabu pia vilivyorudi, ataona kwamba alizeti iliyobadilishwa kwa mawese inarudishwa kila mara, na jozi hiyo ataifuta kwenye orodha ya mapendekezo.