Nyekundu ya juu ilikuwa viatu, ya chini mikoba

Wapambanaji, mwezi uliopita mwenzenu nilijichanganya mwenyewe kwenye Google Sheets. Nipo hapa Ngerengere, nauza mtandaoni madera, viatu, vitenge na mikoba. Mauzo naandika kwenye shiti, halafu kuna ukurasa mmoja wenye chati zote, nauangalia kila asubuhi kwenye simu.

Chati ya juu ni ya duara, hela ya mwezi kwa kila bidhaa. Niliipanga kuanzia kubwa: madera bluu, viatu nyekundu, vitenge njano, mikoba kijani. Chini yake kuna chati ya mistari, mauzo ya kila wiki. Nikaona mstari mwekundu unapanda wiki tatu mfululizo. Nikajua viatu vimechangamka, nikaenda Morogoro mjini na laki mbili, nikarudi na viatu. Vikanidodea ndani. Kumbe ule mstari ulikuwa mikoba! Maelezo ya rangi yalikuwepo, maandishi madogo pale chini, ila jicho lilishazoea nyekundu ya juu.

Sheets haijui viatu ni nini. Inagawa rangi kwa nafasi: wa kwanza bluu, wa pili nyekundu, wa tatu njano, wa nne kijani. Jedwali la mistari nilikuwa nimelipanga kwa alfabeti, kwa hiyo mikoba ikakaa ya pili. Na hata ukichagua rangi kwa mkono, siku ukipanga upya jedwali la duara, rangi inabaki kwenye nafasi yake na bidhaa ndiyo inahama.

Dawa yake ni kugandisha mpangilio. Sasa hivi kila jedwali linaanza madera, viatu, vitenge, mikoba, hata mikoba ikiongoza kwa mauzo. Majina nimeyaandika mwenyewe safu ya A, hela inajumlishwa hivi:

```
=SUMIF(Mauzo!B:B,A2,Mauzo!C:C)
```

B ni bidhaa, C ni hela. Bidhaa isiyouza inaleta 0 lakini haiachii nafasi yake. Zamani nilitumia Pivot table. Bidhaa isipouza kabisa inatoweka, na zote za chini yake zinapanda na kubadilika rangi. Bidhaa mpya naiweka mwisho, siipenyezi katikati.

Rangi zenyewe nachagua kwenye kompyuta: Customize, halafu Pie slice kwa duara, Series kwa mistari.

Kuna mtego mwingine. Chati ya jumla ya mauzo yote nayo inakuja na bluu yenyewe, mtu akiiona anadhani ni madera. Hiyo nimeipa kijivu.

Ukitaka kujipima, ziba maelezo ya rangi kwa dole gumba halafu taja kila mstari ni bidhaa gani. Mimi siku ile ningekosea mitatu kati ya minne.