Faida ya Kabla ya Kampuni Kuzaliwa

Tuchukue mfano wa mfanyabiashara wa Mtoni, muuza vyakula na vyombo vya nyumbani kwa jina lake mwenyewe, aliyepatana na wenziwe kwamba kampuni yao itaichukua biashara hiyo tangu 1 Januari, hali cheti chake, kitolewacho kwa mujibu wa Sheria ya Kampuni ya Zanzibar ya 2013, hakikupatikana hata 1 Aprili. Katika miezi hiyo mitatu duka halikufungwa wala faida haikusita. Lakini kampuni haikuwapo kisheria, na asiyekuwapo hawezi kuchuma. Kwa hiyo faida ya kipindi hicho huingizwa katika akiba ya mtaji, au huipunguza thamani iliyolipwa kwa ajili ya jina na wateja wa duka. Haigawanywi kwa wenye hisa.

Hesabu ikifungwa 31 Disemba, muda ni miezi 3 kwa 9, yaani fungu 1 kwa 3. Lakini mauzo hayendi kwa kalenda. Ikiwa pilikapilika za Idi zimeangukia Aprili, na mauzo ya mwaka ni shilingi milioni 240, ambayo milioni 40 tu ni ya kabla ya usajili, basi mauzo ni fungu 1 kwa 5.

Faida ghafi, tuseme milioni 60, hufuata mauzo: milioni 10 kabla, 50 baadaye. Kodi ya duka na mishahara, milioni 24, hufuata muda: 6 na 18. Kamisheni za wauzaji, milioni 6, hufuata mauzo: 1 na 5. Ujira wa wakurugenzi, milioni 8, na gharama za usajili, milioni 1, ni vya kampuni peke yake. Riba ya milioni 2 aliyolipwa mwenye duka kwa bei aliyokuwa akidai hadi 30 Juni hugawanywa kwa miezi 6 iliyodumu deni, si kwa 12: 1 na 1. Hivyo faida halisi ni milioni 2 kabla, na 17 baadaye.

Lau mhasibu angeigawa milioni 19 yote kwa muda, angeandika milioni 4.75 kabla, akawanyima wenye hisa haki yao. Na lau Idi ingeangukia Machi, kosa lilo hilo lingewagawia mtaji kwa jina la faida.

Hata hivyo, kanuni ya mauzo husadikika pale tu ambapo kiasi cha faida kwa kila shilingi ya mauzo ni kimoja mwaka mzima. Bei ya ununuzi wa mchele au sukari ikipanda katikati ya mwaka, fungu la mauzo halitoshi. Yapasa bidhaa zihesabiwe ghalani siku ile ile ya usajili, ili faida ghafi ya kila kipindi ijulikane kwa hesabu yake yenyewe.