Kipimo Kilichosahauliwa Kwenye Mchoro

Fundi mashine amewekewa mezani mchoro wa bamba la chuma lenye matundu matatu yaliyopangwa kwenye mstari mmoja. Kutoka ukingo wa kushoto hadi tundu la kwanza pameandikwa 20, ndani ya kisanduku. Kutoka la kwanza hadi la pili ni 35, nayo ndani ya kisanduku. Kutoka la pili hadi la tatu hapana kitu. Ila chini kabisa upo mstari mrefu unaotoka ukingo wa kushoto hadi katikati ya tundu la tatu, na juu yake pameandikwa (100), kwa mabano. Vipimo vyote ni milimita.

Hesabu yenyewe ni ya darasa la tatu: 100 kutoa 20, kutoa 35, inabaki 45. Je, fundi atoboe?

Jibu limo katika alama hizo mbili. Kisanduku ni alama ya kipimo cha msingi, yaani umbali kamili wa kinadharia usio na kuzidi wala kupungua. Ruhusa ya kukosea haimo ndani yake. Huandikwa kando, kwa kutaja duara dogo ambalo kitovu cha tundu hakipaswi kutoka nje yake. Mabano ni alama ya kipimo cha rejea. Kiwango cha ASME Y14.5, ambacho michoro mingi ya mitambo hukifuata, kinasema kipimo cha namna hiyo ni cha kutoa taarifa tu: hakitawali utengenezaji wala ukaguzi.

Utoaji ule una nguvu yake. Kama namba zote tatu zingekuwa vipimo vya kawaida vyenye ruhusa ya 0.1 kila upande, makosa yangejumlishana na ile 45 ingeweza kuyumba kwa 0.3. Vipimo vya msingi havina cha kujumlishwa. Ukingo wa kushoto nao, ikiwa mchoro umeutaja kuwa ndio wa kuanzia kupima, huchukuliwa kuwa mstari ulionyooka kabisa, hata kama chuma chenyewe kina vijikwaruzo. Kwa hiyo, ikiwa mchoraji aliipata 100 kwa kujumlisha vipimo vya msingi vitatu kisha akasahau kuandika kimoja, 45 ndiyo aliyoikusudia.

Neno zito hapo ni "ikiwa".

Tuchukue bamba la pili. Ukingo hadi tundu la kwanza ni 20.00, la kwanza hadi la pili 35.36, na kwenye mabano (90.7). Ukitoa unapata 35.34. Lakini mchoraji alikusudia nafasi mbili zinazolingana, 35.36 kila moja, ambazo jumla yake pamoja na 20 ni 90.72; kompyuta ikaikata namba ya mabano ibaki na desimali moja. Tofauti ya 0.02 haionekani kwa macho. Hata hivyo, duara la ruhusa likiwa na kipenyo cha 0.1, kitovu kinaruhusiwa kusogea 0.05 tu kutoka mahali pake, na fundi ameshapoteza sehemu mbili kati ya tano za nafasi hiyo kabla hata ya kuwasha mashine. Dalili ilikuwapo: vipimo vya kisanduku vina desimali mbili, cha mabano kina moja.

Baya zaidi ni pale mstari wa mabano unapoishia kwenye ukingo wa kulia, na urefu wa bamba ni 120 wenye ruhusa ya 0.5 kila upande. Ukingo huo unahama kutoka bamba moja hadi jingine. Ukiutumia katika kutoa, tundu linahama nao, na jawabu lako si kipimo cha msingi tena hata likitoka namba nzima iliyopendeza. Basi swali la kwanza mbele ya mabano ni hili: mstari huu unaanzia wapi na unaishia wapi?

Mara nyingine hakuna kilichopotea. Matundu yaliyochorwa kwenye mstari mmoja wa katikati huhesabiwa kuwa na umbali sifuri kutoka mstari huo, na pembe ya mraba isiyoandikwa ni nyuzi 90 kamili, mradi matundu yamewekwa kwa vipimo vya msingi. Maandishi kama "nafasi sawa" nayo hujaza pengo bila kugusa mabano. Hayo yatafutwe kwanza.

Mabano yana ugonjwa mwingine: tundu likisogezwa katika toleo jipya, namba ya mabano ikiwa imechapwa kwa mkono huweza kubaki ya zamani. Kwa hiyo ile 45 ya bamba la kwanza itumike kumuulizia mchoraji, si kutobolea. Mwandikie: "Tumepata 45 kwa kutoa, thibitisha." Mkaguzi atapima kwa kufuata visanduku, na bamba lililotobolewa kwa namba ambayo haimo kwenye mchoro halina kinachoweza kulitetea mbele yake.