Kuvunja amana ya muda maalumu

Kuvunja amana ya muda maalumu ni kuchukua fedha zilizowekwa benki kwa muda uliopangwa kabla ya muda huo kwisha. Amana ya namna hiyo, ambayo watu wengi nchini Tanzania huiita kwa kifupi "fiksi", huwekwa kwa miezi 3, 6, 12 au zaidi, kwa riba iliyo juu kuliko ile ya akaunti ya kawaida ya akiba. Mwenye fedha akizitaka mapema, kwa kawaida benki humrudishia mtaji wake lakini hushusha kiwango cha riba. Jambo ambalo wengi hulijua wakiwa tayari dirishani ni kwamba kiwango kilichoshushwa huhesabiwa tangu siku ya kwanza ya amana, si tangu siku ya kuvunja.

Makala hii inaeleza hesabu hiyo kwa mfano wa mkulima wa mteremko wa Mlima Meru, mkoani Arusha.

## Kwa nini benki hushusha riba

Benki hulipa riba kubwa kwa amana ya muda maalumu kwa sababu inajua fedha hizo zitakaa. Ikishajua hivyo, inaweza kuzikopesha au kununua dhamana za serikali kwa muda unaolingana. Mteja akizidai mapema, benki hulazimika kutafuta fedha nyingine za kujaza pengo. Kwa hiyo mkataba huweka adhabu, nayo haifanani katika benki zote.

Zipo namna tatu zinazoonekana mara nyingi. Katika ya kwanza, siku zote ambazo fedha zimekaa hulipwa kwa kiwango cha akaunti ya akiba. Katika ya pili, benki hutazama muda uliotimia, kwa mfano miezi 6 kati ya 12, ikalipa kiwango cha amana ya miezi 6 baada ya kupunguza asilimia moja au mbili. Katika ya tatu, riba yote hupotea, hasa kama fedha hazijamaliza mwezi mmoja au mitatu ya kwanza. Namna inayotumika huandikwa kwenye fomu ya masharti ambayo mteja husaini siku ya kuweka fedha.

## Mfano wa hesabu

Katika vijiji vya Arumeru, fedha nyingi huja kwa mkupuo. Kahawa ya Mlima Meru huvunwa kuanzia katikati ya mwaka hadi mwisho wake, na malipo huweza kuchelewa hadi kahawa iuzwe. Tuchukue mkulima wa Nkoaranga aliyeweka shilingi 10,000,000 tarehe 1 Februari katika tawi la benki mjini Arusha, kwa miezi 12 na riba ya asilimia 9 kwa mwaka. Masharti yanasema kwamba akivunja mapema atalipwa asilimia 3 kwa mwaka. Viwango hivi ni vya mfano tu. Vya kweli hutofautiana kati ya benki na benki na hubadilika.

Kanuni ya hesabu ni hii:

Riba = mtaji × kiwango × siku ÷ 365

Kama angesubiri siku 365, riba ingekuwa shilingi 900,000. Hata hivyo asingepokea zote, kwa sababu chini ya Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 benki hukata kodi ya zuio ya asilimia 10 kwenye riba, kisha huiwasilisha Mamlaka ya Mapato Tanzania. Kodi hukatwa kwenye riba peke yake, mtaji hauguswi. Baada ya kukatwa shilingi 90,000, angebaki na riba ya shilingi 810,000, na jumla ya kupokea ingekuwa shilingi 10,810,000.

Tarehe 8 Septemba, siku ya 219, mtu wa nyumbani kwake anaugua na fedha za matibabu zinahitajika. Mkulima anapiga hesabu kichwani: siku 219 kwa asilimia 9 ni riba ya shilingi 540,000. Anadhani hizo tayari ni zake, na kwamba atakachopoteza ni riba ya siku zilizobaki tu. Benki haihesabu hivyo. Inachukua asilimia 3 kwa siku zote 219:

| | Kusubiri hadi mwisho | Kuvunja siku ya 219 |
|---|---|---|
| Riba kabla ya kodi | 900,000 | 180,000 |
| Kodi ya zuio | 90,000 | 18,000 |
| Riba mkononi | 810,000 | 162,000 |
| Jumla ya kupokea | 10,810,000 | 10,162,000 |

Muda umepita kwa asilimia 60, lakini riba aliyopata ni asilimia 20 tu ya ile aliyoahidiwa.

## Riba iliyokwisha kulipwa

Mambo huwa magumu zaidi pale riba inapolipwa kila mwezi. Wastaafu wengi hupenda mpango huu kwa sababu unawapa fedha za matumizi. Kwa amana ileile, riba ya mwezi ni shilingi 75,000. Baada ya kodi, shilingi 67,500 huingia kwenye akaunti ya mteja. Hadi tarehe 1 Septemba amekwisha kupokea miezi 7, yaani shilingi 472,500, na pengine amekwisha kuzitumia.

Akivunja tarehe 8 Septemba, haki yake ni shilingi 162,000 tu. Ziada ya shilingi 310,500 benki huikata kwenye mtaji. Dirishani atapewa shilingi 9,689,500, pungufu ya zile milioni 10 alizoweka. Ni hapa wateja wengi huamini wameibiwa. Ukijumlisha fedha alizopokea kila mwezi na alizopewa mwishoni, unapata shilingi 10,162,000, sawa kabisa na aliyekuwa akisubiri riba ya mwisho.

Lakini kuna jambo la kuangalia kwa makini. Benki ikikata ziada kwa riba kabla ya kodi, itahesabu shilingi 525,000 ilizoandika kuwa imelipa, itoe 180,000 na kukata shilingi 345,000. Mteja atapewa shilingi 9,655,000. Tofauti ya shilingi 34,500 ni kodi iliyokatwa kwenye riba ambayo sasa amenyang'anywa. Kwa hiyo, riba ikiwa ilikuwa inalipwa kila mwezi, mteja anapaswa kuuliza: "Ziada mnayokata ni kabla ya kodi au baada ya kodi?" Jibu linafaa kuonekana kwenye karatasi ya hesabu kabla hajasaini fomu ya kuvunja.

## Kukopa badala ya kuvunja

Benki nyingi hukubali kumkopesha mteja kwa dhamana ya amana yake mwenyewe. Riba ya mkopo huo huwa juu kidogo ya riba ya amana, na kiasi kinachotolewa huwa chini ya amana yote. Amana yenyewe hufungwa hadi deni liishe, huku ikiendelea kuzaa kwa kiwango chake cha awali.

Tuseme mkulima wetu alihitaji shilingi 4,000,000 tu, na benki inamkopesha kwa asilimia 12 kwa mwaka. Zimebaki siku 146. Riba ya mkopo ni shilingi 192,000. Siku amana inapoiva anapata riba ya shilingi 810,000, analipa gharama ya mkopo, na anabaki na faida ya shilingi 618,000. Akivunja anapata 162,000. Na hata akiweka shilingi 6,162,000 zilizobaki kwenye akaunti ya akiba ya asilimia 3 kwa siku hizo 146, ataongeza takriban 66,550 tu baada ya kodi. Kukopa kunamwachia karibu shilingi 390,000 zaidi, kabla ya kutoa ada ya mkopo kama ipo.

Hesabu hugeuka pale muda uliobaki ukiwa mrefu na kiasi kinachohitajika kikiwa kikubwa. Kama angehitaji shilingi 9,000,000 siku ya 73 tu tangu aweke, mkopo wa siku 292 ungemgharimu shilingi 864,000, kupita riba yote ya amana baada ya kodi. Hapo kuvunja ndiko nafuu.

## Kugawa amana

Kwa kawaida benki haivunji sehemu ya amana: anayehitaji milioni 4 huvunja milioni 10 zote. Kwa sababu hiyo wapo wanaogawa fedha tangu mwanzo. Kama mkulima angefungua amana nne za shilingi 2,500,000 kila moja, angevunja mbili tu. Hizo mbili zingempa riba ya shilingi 81,000 baada ya kodi, na mbili zilizoachwa zingeiva na kumpa shilingi 405,000; jumla 486,000 badala ya 162,000. Kabla ya kugawa, ni lazima kuangalia kiwango cha chini cha kufungulia amana, na kama benki hutoa riba kubwa zaidi kwa kiasi kikubwa.

## Amana inayojirudia yenyewe

Fomu ya kufungulia huuliza nini kifanyike amana ikiiva. Mteja akichagua ijirudie, au akiacha bila kujaza, amana huweza kuanza muda mpya siku ileile. Akifika benki siku chache baadaye, ataambiwa kwamba anavunja mapema. Riba ya muda uliokwisha haipotei, kwani tayari imekuwa mali yake. Adhabu hugusa zile siku chache za muda mpya tu. Karatasi ya hesabu ikionyesha riba ya mwaka uliopita nayo imeshushwa, hapo pana kosa la kudai.

## Malalamiko

Malalamiko huanza kwa maandishi katika benki yenyewe, yakiambatana na nakala ya masharti, cheti cha amana na karatasi ya hesabu. Mteja asiporidhika, Kanuni za Kumlinda Mtumiaji wa Huduma za Fedha za mwaka 2019 zinamruhusu kuyafikisha Benki Kuu ya Tanzania, ambayo ina tawi mjini Arusha.

## Benki inapofungwa

Kuvunja amana kunawezekana tu benki ikiwa inafanya kazi. Januari 2018 Benki Kuu ilizifutia leseni benki 5 kwa upungufu wa mtaji, mojawapo ikiwa Benki ya Wananchi ya Meru. Katika hali kama hiyo masharti ya kushusha riba hayana nafasi tena. Mwenye amana hulipwa na Bodi ya Bima ya Amana hadi kikomo kilichowekwa, ambacho wakati huo kilikuwa shilingi 1,500,000 na baadaye kikapandishwa hadi shilingi 7,500,000. Kinachozidi kikomo husubiri mali za benki ziuzwe na madeni yakusanywe, na huenda kisilipwe chote.