Barua pepe imepotea, akaunti bado ipo

Ukinunua simu ya Android yako ya kwanza pale Kariakoo, mara nyingi muuzaji hakukabidhi boksi kabla hajakufungulia Gmail. Bila Gmail, Play Store haifunguki, na bila Play Store utapata tabu kushusha Instagram. Kijana wa dukani anaandika jina lako kama alivyolisikia, anaongeza namba ambazo mfumo umempendekezea, anaweka nenosiri lililomjia kichwani, kazi imekwisha. Wewe unaondoka na simu inayofanya kazi vizuri na anwani ya barua pepe usiyoijua. Baadaye unafungua Instagram au Facebook kwa anwani hiyohiyo, kwa sababu simu yenyewe imeijaza, nawe umebonyeza tu kukubali.

Hakuna anayegundua tatizo mpaka siku simu inapoibiwa. Mama mmoja wa Temeke anayeuza vitenge kupitia Instagram alinyang'anywa yake akiwa dirishani kwenye daladala. Alinunua nyingine, akaandika jina la ukurasa wake, akabonyeza sehemu ya kusahau nenosiri. Jibu likaja kwamba kiungo cha kuingilia kimetumwa kwenye anwani hii:

```
m*******4@gmail.com
```

Ukurasa ulikuwepo, wateja walikuwa wanaendelea kuuliza bei, na ufunguo ulikuwa umetumwa kwenye sanduku la barua asilojua hata jina lake. Wengi wakifika hapa huanza kubonyeza tena na tena, mpaka mfumo unawazuia kwa muda na kuwaambia wajaribu baadaye. Kubonyeza huko hakusaidii kitu, maana Instagram inarudia kutuma palepale. Kazi inatakiwa ianzie nyuma zaidi: kwanza laini ya simu, kisha barua pepe, na mtandao wa kijamii uje mwisho.

Laini inatangulia kwa sababu katika vyote vitatu ndiyo pekee yenye ofisi unayoweza kuiendea kwa miguu. Tanzania, laini husajiliwa kwa namba ya NIDA na alama za vidole. Simu ikiibiwa, unakwenda duka la kampuni ya simu, unaweka kidole, unarudishiwa namba ileile kwenye kadi mpya. Barua pepe haina kitu kama hicho. Google haina dirisha la kuweka kidole, na haitoi huduma ya kupiga simu ili mtu akurudishie akaunti ya kawaida ya bure. Kwa hiyo rudisha laini mapema. Laini ikikaa muda mrefu bila kutumika hufungwa, na namba hatimaye hugawiwa mteja mwingine. Ikifika huko, meseji za uthibitisho zitakuwa zinaingia kwenye simu ya mtu usiyemfahamu.

Mama wa vitenge alirudisha laini yake, lakini Instagram haikuwa na namba yake. Aliyekuwa nayo ni Google, kwa kuwa kijana wa dukani aliijaza wakati wa kufungua Gmail. Swali likawa: anwani yenyewe ni ipi?

Kwenye ukurasa wa kuingia Google, chini ya kisanduku cha anwani, kuna maneno `Forgot email?` ambayo watu wengi huyapita bila kuyaona. Ukiyabonyeza unaulizwa namba ya simu au barua pepe ya akiba, kisha jina la kwanza na la mwisho yaliyo kwenye akaunti. Vikilingana, inakuja meseji yenye tarakimu za uthibitisho, na ukiziingiza unaonyeshwa akaunti zilizofungamana na namba hiyo. Mama akaandika majina yake ya kwenye kitambulisho. Akakataliwa. Hapo ndipo zile nyota zilipomsaidia: anwani inaanza na herufi *m*, na jina lake halianzi na *m*. Mtaani anaitwa Mama na jina la mwanawe wa kwanza, na bila shaka ndivyo alivyojitambulisha dukani. Akaandika "Mama" mahali pa jina la kwanza na jina la mtoto mahali pa jina la mwisho. Meseji ikaingia, na anwani yote ikaonekana kwenye skrini, ikiishia na 4.

Ukishaijua anwani, jambo la pili ni kujua ina hali gani, kwa sababu watu husema "barua pepe yangu imepotea" kwa mambo yaliyo tofauti kabisa. Iandike kwenye ukurasa wa kuingia Google. Ukiulizwa nenosiri, akaunti iko hai na kilichopotea ni ufunguo tu. Ukiona `Couldn't find your Google Account`, ama umekosea herufi, ama akaunti imefutwa. Na ukiambiwa imezimwa, ina maana Google yenyewe imeifunga, na njia iliyopo ni kukata rufaa kupitia ukurasa huohuo. Sababu mojawapo ya kuzimwa inanisikitisha kwa jinsi ilivyo ndogo: aliyefungua akaunti alijaza mwaka wowote wa kuzaliwa ili amalize haraka, na mfumo ukaona mwenye akaunti ni mtoto. Hilo hurekebishwa kwa kuthibitisha umri, kwa mfano kwa kutuma picha ya kitambulisho.

Kufutwa ni habari nyingine. Mwaka 2023 Google ilitangaza kwamba akaunti binafsi ambayo haijatumika kwa miaka miwili inaweza kufutwa, na ufutaji ukaanza Desemba mwaka huo. Akaunti iliyofutwa karibuni huenda ikarudishika kwa njia ya kawaida ya kuomba nenosiri. Muda ukishapita, imekwenda, na Google haimruhusu mtu yeyote kusajili upya jina la Gmail lililofutwa, hata aliyekuwa mwenyewe. Kwa hiyo wanaokushauri ufungue Gmail mpya yenye jina lilelile ili barua zije huko wanakupotezea muda. Yahoo mambo ni tofauti, na ni ya hatari zaidi. Sanduku lisilotumika kwa miezi 12 hufungwa, na mwaka 2013 kampuni hiyo iliyatoa majina yaliyokuwa yamelala wapewe watu wengine. Kama Facebook yako ya zamani bado imeshikamana na anwani ya Yahoo uliyoiacha miaka mingi, iondoe leo ukiwa bado unaweza kuingia.

Barua pepe ya chuo au ya kazini ndiyo rahisi kuliko zote, kwa kuwa nyuma yake kuna binadamu. Nenda idara ya kompyuta, eleza, omba wakufungulie kwa siku moja upokee ujumbe mmoja tu.

Turudi kwa akaunti iliyo hai. Google inapopokea ombi la kurudisha nenosiri haipimi majibu peke yake, inaangalia pia unatokea wapi. Simu au kompyuta uliyowahi kuitumia, kivinjari kilekile, nyumbani au dukani unakoingilia siku zote, vyote vinahesabika. Ndiyo sababu mtu anajaribu akiwa intaneti kafe anakataliwa, kisha akirudi nyumbani kwenye simu ya zamani anakubaliwa kwa majibu yaleyale. Ukiulizwa nenosiri la mwisho unalolikumbuka, andika lililo karibu zaidi, usiruke swali. Na ukiambiwa usubiri saa au siku kadhaa, subiri kweli. Muda huo huwekwa ili mwenye akaunti halisi, kama si wewe, apate onyo. Kwa mama wa vitenge namba yake ilitosha. Aliingia Gmail, akaomba kiungo upya kutoka Instagram, akakikuta kinamngoja.

Je, kama Gmail ingekuwa imefutwa? Cha kwanza ambacho ningemuuliza ni kama kuna kifaa kingine chochote ambacho bado kiko ndani ya Instagram: simu ya zamani yenye kioo kilichopasuka, tableti ya watoto, kompyuta ya kaka. Kifaa kama hicho ni mali. Kisiguswe kitufe cha kutoka, programu isifutwe, simu isirudishwe upya kiwandani. Ukiwa ndani, pita `Settings`, kisha `Accounts Center`, `Personal details` na `Contact info`, uongeze barua pepe mpya na namba ya simu. Tarakimu za uthibitisho huja kwenye anwani mpya unayoiweka, ingawa wakati mwingine mfumo hukutaka kwanza uthibitishe kwa nenosiri au kwa njia ya zamani. Hakikisha mpya imekubaliwa kabla hujaondoa ya zamani. Kisha omba nenosiri jipya kwa kutumia anwani hiyo mpya.

Kifaa kikikosekana, Instagram ina njia ya video ya uso. Anzia `instagram.com/hacked` au sehemu ya kuomba msaada kwenye skrini ya kuingia, toa barua pepe mpya ambayo ni wewe tu unayeiingia, halafu ugeuze uso pande mbalimbali mbele ya kamera kama unavyoelekezwa. Video hiyo haiwekwi hadharani, na kampuni inasema huifuta ndani ya siku 30. Hulinganishwa na picha zilizo kwenye akaunti. Kwa wafanyabiashara, njia hii hukwama hapohapo: ukurasa wa mama yule ulikuwa na mamia ya vitenge na hauna picha hata moja ya uso wake. Akaunti ya namna hiyo huulizwa mambo mengine, yaani barua pepe au namba iliyotumika siku ya kujisajili na aina ya kifaa kilichotumika, na huo ni ushahidi dhaifu zaidi. Picha chache za mwenye duka, zilizopigwa usoni kwa mwanga mzuri, zina kazi kubwa kuliko kupendeza.

Facebook huanzia `facebook.com/login/identify`. Unatafuta akaunti kwa jina au namba, kisha unachagua kwamba huna tena njia zilizoorodheshwa. Ikiwa akaunti haijafungamana na kitu kingine chochote unachokishika, mara nyingi ukurasa hukwambia waziwazi kwamba umeshindwa kuthibitika. Jaribu ukiwa kwenye kifaa ulichozoea kuingilia kabla hujakubali jibu hilo.

Ni katika subira hii ndipo matapeli huja. Ukiandika popote hadharani kwamba umepoteza akaunti, baada ya dakika chache utajibiwa na watu wanaokuelekeza kwa "mtaalamu" aliyewarudishia zao. Anaomba pesa kidogo kwanza, kisha nyingine ya "programu", mwisho anaomba tarakimu zilizotumwa kwenye simu yako. Huyo hana njia ya ndani. Akipata tarakimu hizo, anachukua hata kile kilichokuwa kimebaki.

Ipo hali ambayo hakuna cha kurudisha: barua pepe imefutwa, namba ina mtu mwingine, hakuna kifaa kilichobaki ndani, na uso haumo kwenye picha. Ikifika hapo, fungua ukurasa mpya kwa barua pepe na namba unazozimiliki kweli, waambie wateja kwa WhatsApp, na waombe waache kuufuata wa zamani. Kama kuna mtu ameushika na anauza kwa jina lako, uripoti kwa kukuigiza, ambapo utatakiwa kupiga picha kitambulisho chako. Kisha kaa uandike kila kitu kingine ulichowahi kukifungua kwa anwani ile iliyopotea, na ukibadilishe kimoja kimoja kabla hujaombwa nenosiri.